Tafsiri ya brauza ni ya kusomea, sio ya kujazia: niliyosema kwa wenye steshenari wa Mwanza

Wale mlioshindwa kufika jumamosi mmeomba sana, kwaiyo nimeandika yote kama nilivyoyasema, picha za kwenye ukuta nimeziacha maana bila kuwepo hazisaidii.

Mwangaluka ndugu zangu! Mwangaluka tena, kule nyuma sijawasikia. Haya, wakubwa wote shikamooni, wadogo zangu habari za kazi. Nawaona wa Bugando, wa Mabatini, wa Igoma, Buhongwa, Kirumba, na wenzetu wa Sengerema waliovuka daraja la Busisi asubuhi asubuhi kuja kutusikiliza, asanteni sana.

Leo nazungumzia fomu moja tu. Najua zipo nyingi lakini nimechagua fomu ya viza ya India ya matibabu, ile ya mtandaoni inaitwa e-Medical Visa, ipo kwenye indianvisaonline.gov.in. Kwanini hii? Kwa sababu sisi tunaofanya kazi chini ya kilima cha Bugando tunaijua, mgonjwa anakuja na barua ya hospitali ya India mkononi, ndugu zake wamechanga hela kijiji kizima, na anakaa kwenye kiti cha plastiki anasubiri wewe umjazie. Fomu yote ni kizungu. Na sa hivi wengi wetu tunabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, tunachagua Translate to Swahili, ukurasa unageuka Kiswahili, mteja anafurahi anasoma mwenyewe. Ni jambo zuri na mimi nalifanya kila siku. Lakini je, ile fomu imekuwa ya Kiswahili? Nauliza tena, fomu imekuwa ya Kiswahili? Haijawa. Kilichogeuka ni maandishi unayoyaona tu. Fomu yenyewe, na afisa anayeisoma huko upande wa pili, wako kwenye kizungu vilevile.

Na hilo ndo la kwanza. Tafsiri ya brauza inakwenda upande mmoja. Inakuletea maneno ya fomu, haipeleki maneno yako. Ukiandika Kiswahili ndani ya kisanduku, kinachofika India ni Kiswahili.

Kuna mzee mmoja alitoka Ukerewe na kijana wake, kijana ni mjanja wa simu, wakajaza wenyewe kwenye simu nyumbani ukurasa ukiwa umetafsiriwa, wakaja kwangu kuprinti tu. Nikaangalia kabla hawajalipia. Pale panaposema "Visible identification marks" wameandika "kovu mguu wa kushoto chini ya goti". Kazi wameandika "mvuvi mstaafu". Anwani ni "karibu na kanisa, nyuma ya mashine ya kusaga". Sasa niambieni, kijana amekosea nini? Ameulizwa Kiswahili akajibu Kiswahili, mimi simlaumu hata kidogo. Skrini ndo imempa imani kwamba kuna mtu upande ule atatafsiri na majibu. Hakuna. Kovu tukaliandika "SCAR ON LEFT LEG BELOW KNEE", kazi tukachagua "RETIRED" kwenye orodha, na anwani tukaandika mtaa, kata, wilaya, majina yenyewe kama yalivyo maana majina ya mahali hayatafsiriwi.

Kwaiyo kila kisanduku ambacho unaandika kwa vidole vyako, alama za mwilini, anwani, mwajiri, maelezo ya ziada, hicho ni cha kuandika kizungu na cha kukagua kwa macho yako, tafsiri haikuhusu hapo. Tupo pamoja?

La pili ni majina, na hapa naomba tukae kidogo maana hapa ndo hela za watu zinapotelea.

Kuna mama anafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, alikuwa anampeleka mtoto wake, yeye mwenyewe anaomba ya msindikizaji maana mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wasiozidi wawili. Jina lake la kwanza ni Happiness, kama dada zetu wengi humu ndani. Binti wa steshenari akajaza vizuri kabisa HAPPINESS, wakaenda mpaka ukurasa wa mwisho wa kuhakiki, tafsiri bado imewashwa, na pale kwenye jina pameandikwa FURAHA. Yule mama akashtuka, akasema binti umenibadilisha jina, binti naye akashtuka, akarudi nyuma anafuta anaandika upya, anakwenda mbele anakuta FURAHA tena. Alifanya hivyo mpaka akachanganyikiwa akaanza kuingiza majina ya kati sehemu ya ukoo akidhani fomu inakataa.

Nini kilitokea? Ukiwa unajaza, jina lipo ndani ya kisanduku, na brauza haigusi kilichoandikwa ndani ya kisanduku. Ukifika kwenye kuhakiki, jina halipo tena kwenye kisanduku, ni maandishi ya kawaida ya ukurasa, na mashine haijui kwamba hilo ni jina la mtu, inalitafsiri kama neno lolote. Grace anaweza kuwa Neema, Faith akawa Imani, Gift akawa Zawadi. Kilichohifadhiwa kwenye fomu bado ni HAPPINESS, hakijaharibika kitu. Kinachoharibu ni mtu kwenda kurekebisha kitu ambacho kilikuwa sawa!

Na kuna kinyume chake ambacho ni kibaya zaidi, kosa la kweli linafichwa na tafsiri. Kama binti angeandika HAPINESS na P moja, mashine inaweza kuelewa tu alichokusudia ikamwonyesha FURAHA safi kabisa, na mama angesema sawa, lipia. Ndo maana nasema, na narudia, ukurasa wa kuhakiki unasomwa kwenye kizungu chake cha asili. Unasomwa kwenye kizungu chake cha asili! Zima tafsiri. Sababu ya pili ya kuzima hapo ni kwamba Chrome ikitafsiri inatuma maandishi ya ukurasa kwenye mitambo ya Google, na ukurasa ule una namba ya pasipoti, majina ya baba na mama, kila kitu cha mteja wako. Hakuna haja ya taarifa zake kusafirishwa huko kwa ajili ya kusoma jina lake mwenyewe.

Sasa jina gani liende wapi. Fomu inataka "Surname" na "Given Name", na inasisitiza yawe kama yalivyo kwenye pasipoti. Sisi tuna majina matatu, la kwangu, la baba, la babu au ukoo, na mashine ikikutafsiria Given Name kuwa kitu kama "jina lililopewa", mteja anakuuliza nimepewa na nani, na baba au na padri? Msibishane. Fungua pasipoti ukurasa wa picha, angalia ile mistari miwili ya chini yenye mishale. Huu ni mfano, jina nimelitunga:

```
P<TZAMASHAURI<<HAPPINESS<KULWA<<<<<<<<<<<<<<
```

Baada ya TZA linakuja jina la ukoo, hapo ni MASHAURI, ndo Surname. Mishale miwili inatenganisha, alafu yanayofuata yote ni Given Name, na mshale mmoja katikati ni nafasi tu, kwaiyo unaandika HAPPINESS KULWA. Mpangilio huu ni wa dunia nzima, mashine ya uwanja wa ndege inausoma hivyohivyo. Kama majina ni marefu sana mstari unaweza kuyakata, hapo soma na sehemu ya juu ya ukurasa. Mstari wa pili nao unakusaidia tarehe ya kuzaliwa, imeandikwa mwaka, mwezi, siku, tarakimu mbili mbili, kwaiyo 790805 ni tarehe 5 mwezi wa 8 mwaka 1979. Fomu ya India yenyewe inataka siku kwanza, mwezi, alafu mwaka, kwaiyo 05/08/1979. Siku kama hizo ambazo hata ukigeuza bado zinakubalika ndo za kukagua mara mbili, maana 05/08 na 08/05 zote fomu inazipokea bila kelele. Tarehe 25 ukigeuza inakataa yenyewe, hiyo haina shida.

Haya, la tatu. Hili ndo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo. Kuna sehemu Kiswahili kinakuja kimenyooka, kinasomeka vizuri, mteja anaelewa kabisa, na anajibu swali ambalo hakuulizwa. Tafsiri mbovu sio ya kuogopa sana ndugu zangu, mbovu unaiona unacheka unarudi kwenye kizungu. Ya kuogopa ni ile nzuri.

Chukua hii, "Any other valid Passport/Identity Certificate (IC) held". Kwa tafsiri unapata kitu kama pasipoti nyingine au cheti cha utambulisho unachomiliki, ndiyo au hapana. Mteja wako anacho cha utambulisho? Si anayo NIDA mfukoni! Anasema ndiyo. Ukibonyeza ndiyo vinafunguka visanduku vipya, nchi iliyotoa, namba, tarehe ya kutolewa, mahali, na uraia ulioandikwa humo, na binti anajaza namba ya NIDA pale. Sasa afisa anasoma kwamba huyu mtu ana hati nyingine ya kusafiria. Maana Identity Certificate hapo ni hati ya safari, wanapewa kwa mfano wakimbizi na watu wasio na pasipoti ya nchi. NIDA ina mahali pake, ni kwenye "Citizenship/National Id No." huko juu zaidi. Kwa mteja wetu wa kawaida mwenye pasipoti moja jibu la swali lile ni hapana. Utajuaje umekosea? Visanduku vikifunguka ghafla chini ya swali la ndiyo au hapana, simama. Rudi kwenye kizungu usome swali upya kabla hujajaza kimoja.

Nyingine, "Reference Name in India". Mashine inaweza kukupa "jina la kumbukumbu" au "marejeleo". Na sisi watu wa barua, tukiona kumbukumbu tunawaza nini? Kumb. Na.! Nimeona fomu mtu kachukua namba ya kumbukumbu ya barua ya hospitali kaipachika pale yote na mikwaju yake. Wanachotaka ni mtu au taasisi ya kule India wanayoweza kuiuliza habari zako, kwa mgonjwa ni hospitali iliyomwandikia barua, na anwani yake na simu yake kama zilivyo kwenye barua. Alafu wanataka na mtu wa huku nyumbani, jina, anwani, simu. Huyo awe mtu anayepokea simu.

Na kazi! Kwenye orodha ya kazi kuna "PRIVATE SERVICE". Mtu anayeuza vocha na kufanya uwakala anasoma "huduma binafsi", anasema hiyo hiyo ni mimi, nina huduma yangu binafsi. Lakini Wahindi kizungu chao wakisema service wanamaanisha ajira, kwaiyo PRIVATE SERVICE ni mtu aliyeajiriwa kampuni binafsi na GOVERNMENT SERVICE ni mtumishi wa serikali. Wakala wetu ni "BUSINESS PERSON". Ukichagua umeajiriwa wakati huna mwajiri, kisanduku cha mwajiri unakijaza nini? Unaanza kutunga, na fomu ya viza sio mahali pa kutunga.

Mwisho wa fomu kuna maswali ya usalama, ndiyo na hapana. Lipo linalouliza "Have you ever been arrested/ prosecuted/ convicted by Court of Law of any country?" Yaani kukamatwa, au kushtakiwa, au kutiwa hatiani, vitu vitatu kwenye sentensi moja. Tafsiri ikivifinya vikawa "kuhukumiwa", mtu aliyewahi kushikiliwa na kesi ikafutwa anajibu hapana na moyo mweupe. Kwaiyo haya maswali mimi nayasoma mwenyewe kwa mdomo, kimoja kimoja, nikiwa naangalia kizungu, na jibu analitoa mteja. Narudia, jibu analitoa mteja, sio wewe! Usimbonyezee hapana mfululizo kwa sababu foleni ni ndefu. Yeye ndo anathibitisha kwamba ni kweli.

Sasa nakuja kwenye namna ya kufanya, maana mtaniuliza basi tuache kutafsiri? Hapana, msiache. Mteja ana haki ya kuelewa anachoulizwa.

Mimi nafanya hivi. Natafsiri ukurasa, namwachia mteja asome wote, tunakubaliana majibu kwa mdomo. Alafu nabonyeza kile kialama cha tafsiri juu kwenye sehemu ya anwani, kinakuja kikasha chenye lugha mbili, nachagua English, ukurasa unarudi. Kwenye simu vilugha hivyo viwili vinakaa kwenye mstari mdogo kwenye skrini. Kurudi huko hakufuti ulichojaza kwa sababu ukurasa haujapakiwa upya, cha kuogopa ni kurifreshi, hiyo ndo inafuta. Najaza kwenye kizungu, nakwenda ukurasa unaofuata, natafsiri tena, tunasoma, nazima, najaza. Ni polepole kidogo ndiyo. Bora polepole, ada ya viza ukishalipa hairudishwi.

Kwanini nisijaze tafsiri ikiwa imewaka? Sababu kubwa ni zile orodha za kuchagua. Kwanza orodha ya nchi inabaki kwenye mpangilio wa kizungu, Misri iko kwenye E, Ujerumani iko kwenye G, Uhispania kwenye S, unatafuta unachoka unabonyeza ya jirani. Pili ni ya ndani zaidi, vijana mnaojua kutengeneza tovuti mtanielewa, wengine mnivumilie dakika moja. Orodha inaweza kuandikwa hivi au hivi:

```
<option value="M">Married</option>
<option>Married</option>
```

Ya juu ina value, mashine ikitafsiri maneno unayoyaona, kinachotumwa bado ni M, salama. Ya chini haina, kwaiyo kinachotumwa ni maneno yenyewe, yakishageuzwa kuwa "Ameolewa" ndo hayo yanayokwenda, na mfumo unakataa au unapokea kitu usichokijua. Huwezi kujua kwa macho fomu ipi imeandikwaje, na hii ni kwa fomu zote sio ya India tu, kwaiyo chagua kwenye orodha tafsiri ikiwa imezimwa na hutakuwa na wasiwasi huo.

Tatu, kuna fomu za kisasa ambazo ukurasa unajibadilisha wenyewe ukibonyeza, na tafsiri ikiwa imegusa maandishi yake zinakwama, kitufe hakifanyi kazi au ukurasa unakuwa mweupe. Ikikutokea usihangaike na bando, mara nyingi mtandao hauna kosa, zima tafsiri upakie upya. Na kwa ajili hiyo fomu ya India inakupa "Temporary Application ID" baada ya ukurasa wa kwanza, iandike kwenye daftari papo hapo kabla ya kitu kingine chochote, maana ndo unayorudi nayo kupitia "Complete Partially Filled Form". Kile kisanduku cha onyo kinachoruka katikati ya skrini nacho hakitafsiriwi, hicho kinatoka nje ya ukurasa. Kisome, usibonyeze OK tu.

Na msipitishe fomu kwenye ule ukurasa wa Google Translate wa kubandika linki. Jina la tovuti kule juu linageuka linaishia na translate.goog, sio tovuti ya serikali ya India tena hiyo, unapita mlango wa katikati na taarifa za mgonjwa. Tumia tafsiri ya brauza yenyewe, na jina la tovuti liishie gov.in muda wote unaojaza.

Kabla ya kulipa, tafsiri imezimwa, ukurasa wa kuhakiki nauweka wazi na pasipoti pembeni, mteja anashika pasipoti mimi nashika mausi, nasoma herufi moja moja yeye anafuata kwa kidole: ukoo, majina, namba ya pasipoti hasa sifuri na O, tarehe ya kuzaliwa, ya kutolewa, ya kuisha ambayo iwe na angalau miezi sita mbele. Kama hajui kusoma kizungu hilo halizuii kitu, herufi na namba anazifahamu. Baada ya hapo ndo analipa.

Upande wangu naishia hapo. Habari za picha na ukubwa wa PDF atazieleza dada baada ya chai, kwaiyo maswali ya hayo mhifadhini. Ya tafsiri nileteeni sasa hivi, tuanze na wa Sengerema maana wana safari.